Kutoka picha ya kabati hadi maleba ya kobe: mwongozo kamili

Mwezi wa maonyesho ukikaribia, walimu wa sanaa hutumiwa picha nyingi za makabati. Mzazi anafungua milango miwili, anapiga picha kwa simu, kisha anaandika: "Mwalimu, hivi ndivyo tulivyo navyo. Mtoto atavaa nini?" Mara nyingi jibu limo humo humo kwenye picha, ila halionekani kwa mtu anayetafuta nguo ya kobe, kwa sababu kabati la nyumbani halina nguo ya kobe. Lina vitu vya kufanya umbo la kobe, vya kulifunika umbo hilo, na vya kulishikilia mgongoni mwa mtoto. Ukiitazama picha kwa maswali hayo matatu, kazi yote inakuwa nyepesi.

Nimechagua kobe makusudi. Sungura ni masikio mawili tu na simba ni nywele za shingoni, lakini kobe ana gamba, na gamba ndilo linalowashinda wengi: ama linakuwa zito, ama linateleza hadi kiunoni, ama ukumbini linaonekana kama begi la shule. Ukiweza gamba, wanyama wengine hawatakusumbua.

Mfano tutakaoufuata ni wa msichana wa miaka 10. Katika mchezo wake Kobe anaingia akitambaa, anakaa kwenye kigoda wakati wa mkutano wa wanyama, anashika fimbo, na mwisho anatoka mbio. Vitendo hivyo vinne viandike kwenye karatasi kabla hujagusa mkasi, kwa maana ndivyo vitakavyoamua vipimo.

Kuisoma picha

Picha nzuri ya kabati hupigwa mchana, milango ikiwa wazi kabisa, simu ikiwa sawa na katikati ya kabati, si kutoka juu wala pembeni. Kabla ya kupiga, bandika karatasi nyeupe ya A4 kwenye ukingo wa rafu. Karatasi hiyo ina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni vipimo. Urefu wa A4 ni sentimita 29.7, yaani karibu 30. Ikiwa kwenye skrini urefu wa karatasi ni sentimita 3 na begi lililo pembeni yake ni sentimita 4, basi begi hilo lina urefu wa kama sentimita 40. Hesabu hii inafaa tu kwa vitu vilivyo kwenye mstari mmoja na karatasi. Kilicho nyuma, ndani ya rafu, huonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa hiyo usikikatae kwa udogo kabla hakijatolewa nje.

Kazi ya pili ni rangi. Mwanga wa taa za nyumbani mara nyingi hutia rangi ya njano. Karatasi ikionekana ya njano pichani, jua kwamba kila kitu kimeingiwa na njano, na shuka unalolidhani la kijani huenda ni la bluu. Karatasi ikionekana nyeupe, ziamini rangi.

Haya ndiyo yaliyoonekana katika picha ya mfano wetu. Rafu ya juu: blanketi nene, mashuka yaliyokunjwa, mojawapo la kijani kilichokolea, na mito miwili iliyobonyea kwa uzee. Rafu ya kati: rundo la nguo, ndani yake tisheti ya mtu mzima ya kahawia iliyopauka, sweta ya kijivu yenye kofia, leginsi za kijivu, na foronya ya rangi ya maziwa. Kwenye mlango zimening'inia tai mbili na skafu. Chini kuna viatu, boksi kubwa la kadibodi, na begi la mgongoni la zamani ambalo zipu yake moja imekufa.

Jicho la wengi hukimbilia blanketi, kwa kuwa ni kubwa na linajaza. Liache hapo hapo lilipo. Blanketi lililokunjwa mgongoni ni zito, na chini ya taa za jukwaa mtoto atatoka jasho kabla hajasema neno la kwanza. Kanuni yangu ni kwamba gamba zima lisizidi kilo moja au zaidi kidogo kwa mtoto wa umri huu. Beseni nalo, ambalo kila mara kuna mtu wa kulipendekeza, lina umbo zuri sana, lakini ni gumu: mtoto akianguka chali au akigeuka ghafla, ukingo wake unampiga yeye au mwenzake.

Kitu cha thamani kuliko vyote pichani ni lile begi bovu. Tayari lina mikanda iliyoshonwa imara, yenye kurefushwa na kufupishwa, na mtoto anajua kulivaa na kulivua peke yake gizani nyuma ya pazia. Ukilijaza, linatuna lenyewe. Kwa hiyo gamba letu ni hivi: bamba la kadibodi linalolala mgongoni, nyuma yake begi lililojazwa mto mzee, na juu ya vyote shuka la kijani. Mikanda ya begi inapita kwenye matundu ya bamba na kutokea upande wa mtoto.

Jambo moja picha haiwezi kukuambia: nini kinaruhusiwa kukatwa. Uliza kwa kila kitu, kimoja kimoja. Katika mfano huu ruhusa ilitoka kwa shuka (limechanika pindo), tisheti, na boksi. Begi na mto vitumike bila kukatwa. Sweta, foronya na tai ni vya kuazima, na virudi kabatini kama vilivyotoka. Ugomvi mwingi wa maleba huanzia hapa, pale mtu anapodhani shuka la chini kabisa kwenye rundo ni la zamani, kumbe limewekwa chini kwa kuwa ni la wageni.

Kupima mtoto

Vipimo viwili vinatosha. Mkalishe mtoto kwenye kigoda, mgongo wima, upime kutoka kwenye mfupa unaotokeza chini ya shingo hadi kwenye kigoda. Kwa msichana wetu ni sentimita 50. Kisha upime upana wa mabega, mwisho hadi mwisho: sentimita 33.

Urefu wa bamba ni kipimo cha kwanza ukitoa 5, yaani 45. Hizo 5 zinazotolewa ndizo zinazomruhusu kukaa. Bamba likigusa kigoda, kila akikaa litasukumwa juu na kumgonga kisogoni. Kama mhusika wako hakai kabisa mchezoni, unaweza kurefusha bamba sentimita kadhaa kwa chini, na gamba litapendeza zaidi.

Upana ni mabega ukiongeza 10, yaani 43. Nyongeza hii ndiyo inayotenganisha kobe na mwanafunzi mwenye begi. Hadhira humwona mwigizaji kwa mbele muda mwingi, na kwa mbele gamba linaonekana tu pale linapochomoza nje ya mabega, sentimita 5 kila upande. Lisipochomoza, umefanya kazi ya kuonekana pale tu mtoto anapogeuka.

Bamba la kadibodi

Tazama ukingo wa kadibodi uliokatwa: utaona vijimfereji vilivyopangana katikati ya karatasi mbili. Kadibodi hukunjika kwa urahisi kufuata vijimfereji hivyo, na hugoma kukunjika kuvikata. Weka vijimfereji visimame wima, kutoka shingoni kwenda kiunoni. Hapo bamba litajipinda kidogo kuuzunguka mgongo wa mtoto, lakini halitavunjika kiunoni anapoinama. Ukiliweka kinyume, mazoezi ya kwanza tu yanatosha kulikunja katikati, na mkunjo wa kadibodi haunyooki tena.

Chora umbo la yai pana, 45 kwa 43, bila pembe yoyote. Kata, kisha zungushia ukingo wote selotepu pana au kipande cha kitambaa kilichogandishwa kwa gundi nyeupe, kwa sababu ukingo mtupu wa kadibodi hukwaruza shingo.

Sasa laza bamba mezani, na begi juu yake, upande wa mikanda ukitazama bamba. Sehemu ya juu ya begi iwe kama sentimita 4 chini ya ukingo wa juu wa bamba. Weka alama mahali mikanda inapoanzia juu na inapoishia chini, upande wa kushoto na wa kulia. Hizo ni alama nne, na kila moja inakuwa tundu refu lenye upana wa mkanda ukiongeza sentimita 1. Usiyaweke matundu karibu na ukingo wa bamba. Acha angalau sentimita 5 za kadibodi, la sivyo uzito utayararua.

Kuipitisha mikanda ndipo watu wanapokwama. Kwenye begi nyingi, sehemu ya chini ya mkanda hupita kwenye kibanio cha plastiki na inaweza kuchomolewa. Ichomoe, pitisha mkanda kwenye matundu, uirudishe kwenye kibanio. Kwenye begi nyingine ncha ya mkanda imekunjwa na kushonwa ili isichomoke. Usiifumue. Kata njia nyembamba kutoka ukingo wa bamba hadi kwenye tundu la chini, utelezeshe mkanda ndani kwa ubavu, kisha uzibe njia hiyo kwa selotepu pande zote mbili za kadibodi. Fanya hivyo hivyo kwa tundu la juu.

Kabla hujaendelea, toboa matundu mengine mawili madogo usawa wa kiuno, moja kila upande, na upitishe tai moja ili ncha zake zitokee upande wa mtoto. Tai hii hufungwa tumboni. Bila hiyo, mtoto anapotambaa sehemu ya chini ya gamba huinuka na kubaki hewani, na hadhira inaona kadibodi.

Kujaza

Magazeti yaliyofinyangwa ni mepesi na yanajaza vizuri, ila yanapiga kelele. Kila mtoto akipumua yanachakacha, na ukumbi ukiwa na maikrofoni utayasikia hadi nyuma. Mifuko ya plastiki ni mibaya zaidi. Mto mzee haulii. Ukunje mara mbili, uusukume ndani ya begi, na ufunge ile zipu nzima. Zipu mbovu ishikilie kwa pini mbili zenye kifuniko.

Begi lina upana wa kama sentimita 30, bamba lina 43, kwa hiyo pembeni kutabaki pengo tambarare kila upande. Usipolijaza, shuka litazama hapo na gamba litakuwa na umbo la kofia yenye ukingo. Viringisha mabaki ya shuka na matambara kama soseji nene, uyalaze kulizunguka begi, na uyashikize kwenye bamba kwa selotepu au kwa mishono michache mirefu. Lengo ni kwamba ukipitisha kiganja kutoka kileleni hadi ukingoni kisidondokee shimoni popote. Urefu wa kilele kutoka kwenye bamba uwe kama sentimita 18. Ukizidisha 20, uzito unamvuta mtoto nyuma na mikanda inamkata makwapani.

Kifuniko

Hapa foronya hujipendekeza, kwa kuwa ni kama mfuko tayari. Tuipime kwanza. Chukua uzi, uutandaze juu ya gamba kutoka ukingo hadi ukingo, kupitia kileleni. Kwa gamba hili uzi ni sentimita 62. Kila upande unahitaji 8 za kupinda kwenda chini ya bamba, kwa hiyo jumla ni 78, tunakata 80. Foronya ya kawaida ina kama 50 kwa 75, na hata ukiifumua, upande mmoja haufiki. Ndiyo maana tuliomba shuka.

Kunja kipande cha shuka katikati, kisha katikati tena, ili kiwe mraba wenye kona moja iliyofungwa. Funga penseli kwenye uzi, shikilia uzi kwenye kona hiyo kwa urefu wa sentimita 40, na uchore robo ya duara. Kata tabaka zote kwa pamoja. Ukifungua una duara la sentimita 80.

Piga bandi kubwa kuzunguka duara lote, sentimita 2 kutoka ukingoni, kwa uzi mnene uliokunjwa mara mbili. Usiufunge mwisho. Tandaza duara juu ya gamba, geuza gamba chali, kisha vuta uzi polepole huku ukisambaza marinda kwa vidole. Kitambaa kitajikusanya chini ya bamba. Marinda yakirundikana upande mmoja, yataonekana kwa mbele kama mikunjo ya uzee, kwa hiyo chukua muda hapa. Yakishalingana, funga uzi, na shikiza marinda kwenye kadibodi kwa selotepu pana. Upande huu unagusa mgongo wa mtoto, hivyo usitumie pini wala stepla.

Vigae vya gamba

Gamba la kobe wengi lina vigae vikubwa 13: vitano katikati, kutoka shingoni hadi mkiani, na vinne kila ubavu. Kuna vingine vidogo vinavyozunguka ukingo, lakini kwa jukwaani viache. Watoto wanaochora kobe hujaza gamba vigae vidogo vidogo kama nyavu, na kwa mbali vinageuka ukungu. Hivi 13 vinaonekana.

Tisheti inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi na hakitoki nyuzi kinapokatwa, kwa hiyo huhitaji kupinda kingo. Kata kwanza ruwaza za gazeti. Vya katikati viwe na pembe sita, urefu wa sentimita 9 na upana wa 14. Vya ubavuni viwe urefu wa 11 na upana wa kama 15, vikipungua kuelekea ukingoni. Viweke vyote kwenye gamba kwa pini na uvitazame kabla ya kukata kitambaa. Kati ya kigae na kigae acha sentimita 2 za kijani zionekane. Ukiacha nusu sentimita, mstari unapotea mtu akiwa safu ya nne. Kwa vipimo hivi mbele ya tisheti ya mtu mzima inatosha, na mgongo wake unabaki kwa makosa.

Vigae vishikizwe baada ya kifuniko kuwa tayari kwenye gamba. Anayevishona kwenye shuka likiwa tambarare mezani atashangaa: kitambaa kikishavutwa juu ya kilele, vigae vya pembeni vinajikunja na vya katikati vinakaza. Shona kila kigae kwa mishono mirefu kwenye pembe zake tu, kwa uzi wa rangi ya tisheti. Gundi pia inafaa, lakini huacha doa gumu na haiwezi kufumuliwa baadaye.

Kuhusu rangi, fanya jaribio moja. Piga picha ya gamba kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vigae vikimezwa na shuka, taa za jukwaa nazo zitavimeza, hata kama kwa macho yako kahawia na kijani vinatofautiana vizuri. Ndiyo sababu tisheti iliyopauka ni bora kuliko mpya. Kama umebaki na kahawia iliyokolea tu, geuza tisheti ndani nje uangalie kama upande wa ndani ni hafifu zaidi.

Mwili na kichwa

Sehemu hii ni fupi. Leginsi za kijivu, sweta ya kijivu na kofia yake ikiwa kichwani. Gamba linavaliwa juu ya sweta. Mikanda ya begi ifupishwe hadi bamba liguse mgongo, kisha mikanda yote miwili iunganishwe kifuani kwa kipande cha kitambaa chenye urefu wa sentimita 15, kilichofungwa fundo kwenye kila mkanda. Mabega ya watoto ni membamba, na bila kiunganishi hiki mkanda mmoja utateleza katikati ya tukio.

Baada ya hapo funga tai ya kiunoni, halafu weka tumbo la kobe. Foronya ya rangi ya maziwa ikunjwe kwa urefu, ilazwe kifuani hadi mapajani, ibanwe kwenye sweta kwa pini zenye kifuniko: mbili mabegani, mbili ubavuni. Ingiza mkono wako kati ya sweta na ngozi ya mtoto kila unapobana pini. Foronya inaficha mikanda, kiunganishi na fundo la tai, vyote kwa mara moja. Usiifunge shingoni, na skafu iliyoonekana pichani ibaki mlangoni: kitu chochote kinachozunguka shingo ya mtoto anayetambaa kinaweza kukanyagwa na mwenzake.

Mikono ivalishwe soksi ndefu za kijivu zilizokatwa ncha, zipande hadi kwenye kiwiko, vidole vikiwa nje kwa ajili ya fimbo. Miguuni avae viatu vyenye soli ya mpira. Soksi tupu juu ya sakafu laini huteleza, na huyu kobe anatoka mbio.

Watu watakuomba umwekee macho juu ya kofia. Mimi siyaweki. Kobe akiwa na macho mawili kwenye paji na mengine mawili chini yake, hadhira inatazama yale yasiyopepesa. Kinyago nacho kinameza sauti na kumnyima kuona pembeni, wakati kwenye mkutano wa wanyama kuna mikia mingi ya kukanyaga.

Kujaribu, na dalili za kasoro

Mvalishe siku kadhaa kabla ya onyesho na umpitishe kwenye vile vitendo vinne ulivyoviandika. Atambae, akae, ashike fimbo, akimbie. Kisha apite mlangoni na mtu mwingine kwa wakati mmoja, maana ndivyo watakavyoingia.

Mtazame kwa ubavu akiwa amesimama. Ukiona nafasi kati ya shingo na ukingo wa juu wa bamba inayotosha kiganja, gamba linaning'inia: mikanda ni mirefu, au matundu ya juu yamekatwa chini mno. Fupisha mikanda kwanza. Ikigoma, kata matundu mapya sentimita 4 juu na uyazibe yale ya zamani. Akilalamika kwapani, tatizo ni kinyume chake: bamba liko juu mno, au kilele ni kirefu mno na kinamvuta nyuma. Punguza mto.

Anapokaa, sikiliza. Mlio wa kadibodi kukunjika unaonyesha bamba limegusa kigoda. Kata sentimita 2 za chini. Kwa kuwa kifuniko kimeshikizwa kwa selotepu, unafungua sehemu hiyo tu, unapunguza, unarudisha. Anapotambaa, kaa mbele yake kwa kimo cha hadhira. Ukiona kadibodi, kaza tai ya kiunoni.

Jaribio la mwisho ni la umbo. Simama mwisho wa ukumbi, mpige picha kwa simu bila kuvuta karibu, mara moja kwa mbele na mara moja kwa ubavu. Mpe mtu asiyejua mchezo aitazame ikiwa ndogo kwenye skrini na umuulize anaona nini. Akijibu "mtoto mwenye begi", upana hautoshi: ongeza soseji ya matambara ukingoni, pande mbili za mabega, na uivute chini ya kifuniko. Akijibu "kombamwiko", na hutokea, vigae vimekolea mno au vimebanana. Ondoa rangi iliyokolea kabla hujahangaika na kitu kingine.

Siku ya onyesho weka sindano yenye uzi wa kijani, pini nne za akiba na selotepu kwenye mfuko mmoja nyuma ya pazia. Gamba lisisimamishwe ukutani likisubiri, kwa sababu bamba hujipinda kwa uzito wa mto. Lilazwe tumbo chini, mbali na mahali watoto wanapokunywa maji, maana kadibodi iliyolowa haina dawa.

Onyesho likiisha, fumua pembe za vigae, kata uzi wa marinda, toa mto, chomoa mikanda. Begi, mto, sweta, foronya na tai vinarudi kwenye rafu zake. Vigae 13, duara la shuka na ruwaza za gazeti viweke kwenye bahasha moja, na juu yake uandike vipimo viwili vya mtoto: 50 na 33. Mwigizaji ajaye atakuwa na mgongo wake, na bamba ndilo kitu pekee utakacholazimika kulikata upya.